Sukari imeshuka, mbona mgonjwa anazidi kuhema? Kisa cha ketoasidosisi, tukisome saa kwa saa

Sista wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu wa wodini, nina kisa ninachokitumia kufundishia wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi. Nakiweka hapa kwa sababu kosa lililotokea nimeliona likirudiwa na watu wenye vyeti vyao kamili, siyo wanafunzi tu.

Binti wa miaka 19, kilo 50, ana kisukari cha aina ya kwanza. Aliletwa saa 1 jioni na shangazi yake. Alikuwa ametapika kwa siku mbili na tumbo linamuuma. Tangu jana yake hakuchoma insulini, kwa maelezo kwamba "hakuwa anakula". Kituo cha kwanza walimpima malaria, hana, wakampa dawa ya kutapika wakamrudisha nyumbani.

Tulimkuta anahema mara 36 kwa dakika, pumzi ndefu za kuvuta kutoka chini kabisa, na mdomo unanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mapigo 128, presha 92 kwa 58, joto 36.4, oksijeni asilimia 98. Anajibu ukimwita, akimaliza anasinzia. Glukomita iliandika `HI`. Mkojo una ketoni alama tatu.

Lita ya kwanza ya maji ya chumvi iliingia ndani ya saa moja. Saa 2 usiku majibu ya potasiamu yakaja: 4.8. Hapo ndipo insulini ikaanza kwa kanula ya pili, yuniti 5 kwa saa, na lita ya pili ya maji ikapangwa kwa saa mbili, ndani yake ampuli moja ya potasiamu yenye milimoli 20.

Sukari ikaenda hivi: saa 2 ilikuwa 29.8, saa 3 ikawa 25.9, saa 4 ikawa 21.7, saa 5 ikawa 17.6, saa 6 usiku 13.4. Mwanafunzi aliyekuwa naye akafurahi, akafunga insulini, akaandika kwenye chati: "Sukari imeshuka vizuri, insulini imesitishwa." Mimi nilikuwa wodi ya pili kwa mama aliyekuwa anavuja damu.

Saa 8 usiku nilimkuta anahema 34, anatapika tena, sukari 17.9.

Kabla sijasema tulifanya nini, niambieni. Kosa ni lipi, na chati ya saa 6 ilipaswa kumwonyesha nini yule kijana?

---

Mwaka wa Pili

Sista shikamoo. Mimi naona kosa ni kufunga ghafla. Angepunguza kidogokidogo, toka yuniti 5 hadi 3 hadi 1, halafu ndiyo afunge. Nadhani pia alitakiwa kuogopa sukari isishuke chini sana, kwa hiyo kuwa makini na 13.4 hakukosea.

---

Babu Hajambo

Wakuu, baba yangu ana kisukari miaka 11, anakunywa vidonge. Juzi amepima 24, na anatembea, anakula ugali wake kama kawaida. Na huyu je, apelekwe awekewe dripu na insulini? Maana naona binti alianza na 29 mkamweka mahututi.

---

Sista wa Zamu

@Mwaka wa Pili marahaba mwanangu. Nusu umepata. Hofu ya sukari kushuka ni ya kweli, lakini dawa ya hofu hiyo ni kumpa sukari. Insulini inaendelea.

Jiulize insulini ile ilikuwa inatibu nini. Binti huyu hakuletwa na sukari, aliletwa na tindikali. Mwili ukikosa insulini kabisa unaanza kuyeyusha mafuta, ini linayageuza ketoni, na ketoni ndizo tindikali inayomfanya ahema vile. Kinachozima huo uzalishaji ni insulini, na kazi hiyo inachukua muda mrefu kuliko kuishusha sukari. Sukari inatangulia kushuka kwa saa kadhaa, tena sehemu kubwa inashushwa na maji tu. Saa 6 usiku sukari ilikuwa karibu kufika, tindikali bado ilikuwa njiani. Na insulini ya mshipani haikai mwilini: ukifunga, kwa dakika chache tu damu imeishiwa. Kwa hiyo saa mbili zile ini lilirudi kazini kama hakuna kilichofanyika.

Sukari ikifika 14 kwenda chini, muuguzi anamwita daktari na kusema: nahitaji dekstrozi iingie, insulini ikiendelea. Wengi hapo wanapunguza insulini hadi nusu, kwa binti huyu yuniti 2.5 kwa saa. Kupunguza ni sawa. Kufunga ndiko kulikomrudisha.

@Babu Hajambo pole na mzee. Namba peke yake haiiti dripu. Mzee anayetembea, hatapiki, hahemi vibaya, akili timamu, anahitaji kliniki wiki hii hii wamwangalie dawa na figo. Akianza kutapika, kulegea, kusinzia au kuhema, usingoje kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Sukari ya juu sana humdhuru mzee hata bila ketoni.

---

Tabibu wa Kata

Nakubaliana na Sista, ila niongeze kitu. Sisi huku hatuna kipimo cha ketoni cha damu, tuna vijiti vya mkojo tu. Mwaka jana nilikuwa na mgonjwa wa hivi, tukamkimbiza na insulini na maji usiku kucha. Asubuhi anaongea, anahema 20, anataka chai. Napima mkojo: ketoni bado alama tatu! Nikaona insulini haifanyi kazi, nikaongeza dozi. Akashuka sukari hadi 2.9, tukaanza kuhangaika na dekstrozi ya asilimia 50. Nadhani insulini ile ilikuwa imeharibika kwa joto, ikafanya kazi kwa kuchelewa.

---

Nesi wa Eldoret

Daktari, insulini yako haikuwa na shida. Iliyoharibika haingemshusha mtu hadi 2.9. Kilichokudanganya ni kijiti.

Kuna ketoni za aina zaidi ya moja. Ile iliyo nyingi mgonjwa akiwa mbaya, kijiti cha mkojo hakiioni. Anapopona, hiyo inageuzwa kuwa ile nyingine, ambayo kijiti kinaiona vizuri sana. Kwa hivyo mgonjwa anapata nafuu na kijiti kinazidi kuwa cheusi. Tena mkojo unaopima asubuhi umekaa kwenye kibofu masaa kadhaa. Kijiti ni cha kukuambia ketoni zipo wakati wa kumpokea. Si cha kumfuatilia kila saa.

Mimi niko wodi ya mahututi, tuna mashine ya gesi za damu na kipimo cha ketoni cha kidole. Tunataka ketoni ya damu ishuke angalau 0.5 kila saa. Isiposhuka hivyo, kitu cha kwanza mimi naangalia ni laini yenyewe kabla ya kugusa dozi: kanula imeziba? mrija umekunjwa? pampu imezimwa mtu alipokuwa anambadilisha mashuka? Mara nyingi jibu liko hapo.

---

Tabibu wa Kata

Hilo la kijiti sikulijua kwa undani huo. Asante dada. Sasa swali langu la kweli: asiye na kipimo cha damu afuate nini?

---

Sista wa Zamu

Hapo ndipo nataka wanafunzi wakae. Sisi tunafuata pumzi, fahamu, na bikaboneti maabara ikiwa inafanya kazi. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi, usikadirie kwa sekunde 15 mara nne, na uandike kama ni za kina au za juujuu. Pumzi ndefu ni mwili unaotoa tindikali kwa njia ya mapafu. Zikipungua huku anazidi kuchangamka, tindikali inaondoka. Zikipungua huku anazidi kusinzia, amechoka, na pumzi za huyo zinaweza kusimama wakati wowote. Namba ile ile 22 ina maana mbili tofauti, na huwezi kuzitenganisha bila kuandika fahamu kando yake.

Rudini kwenye chati ya binti yule saa 6 usiku. Sukari 13.4. Pumzi 28, za kina. Mwanafunzi aliziandika vizuri kabisa kwa mkono wake. Aliziandika, hakuzisoma. Ile 28 ilikuwa inamwambia tindikali bado ipo.

Na msimwekee oksijeni kwa sababu tu anahema. Alikuwa na 98. Mapafu yake ni mazima, yanafanya kazi ya ziada. Kuna wanaoishia kutibiwa pumu au nimonia kwa sababu hakuna aliyepima sukari.

---

Mwaka wa Pili

Nimeelewa Sista. Sasa mkojo. Tulifundishwa mkojo uwe angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa huyu 25. Kama alikuwa anatoa zaidi, si ina maana maji yametosha na tunaweza kupunguza dripu?

---

Sista wa Zamu

Umeuliza kosa la pili la usiku ule kabla sijalitaja. Saa ya kwanza na ya pili kateta ilitoa kama mililita 350 kila saa. Mwanafunzi akaandika "mkojo mzuri" akataka kupunguza maji. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama karatasi, mikono baridi, presha chini ya 100.

Mkojo ule ulivutwa na sukari. Sukari ikizidi figo haziwezi kuirudisha yote, inatoka na kuburuta maji na chumvi na potasiamu. Mtu anakojoa huku anakauka. Kwa hiyo saa za mwanzo mkojo mwingi usikufariji, angalia presha, mapigo, ncha za vidole, ulimi. Sukari ikishashuka kuelekea 10 ndipo kile kipimo cha nusu mililita kinaanza kusema kweli. Kinyume chake ni muhimu vilevile: mgonjwa mwenye sukari 28 asiyekojoa kabisa, huyo usimwekee potasiamu kabla daktari hajajua.

---

Mama Nuru

Samahani nawaingilia, mimi si nesi. Mwanangu ana miaka 8, ana kisukari hiki hiki cha aina ya kwanza. Insulini naiweka kwenye mtungi wenye mchanga mbichi kwa kuwa sina friji. Nimesoma hapo juu kwamba binti aliacha kuchoma kwa sababu hakuwa anakula. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, asipokula asichome, asije akazimia. Sasa mmenitisha.

---

Nesi wa Eldoret

Mama usiogope, lakini hilo ulilosikia limechanganywa. Insulini ya chakula inapungua asipokula. Ile ya msingi, ya kukaa mwilini siku nzima, haiachwi hata kama hajala kitu, kwa sababu ini linatoa sukari lenyewe, na akiumwa linatoa zaidi. Kama anatumia ile ya mchanganyiko yenye mawingu, hapo hesabu ni ngumu kidogo, omba kliniki yako wakuandikie karatasi: siku ya kuumwa apunguze kiasi gani. Siku hiyo mpime kila saa 3 au 4 hata usiku, mpe maji kidogokidogo. Akitapika mfululizo, akihema vibaya au akisinzia, mlete hospitali, na chupa ya insulini uje nayo.

Kwa mtoto kuna jambo moja tena, hili ni la manesi. Ubongo wa mtoto na kijana unaweza kuvimba wakati wa matibabu, mara nyingi ndani ya nusu siku ya kwanza, namba zingine zikiwa zinapendeza. Analalamika kichwa, anakuwa mkali au mzito kuamka, mapigo yanashuka huku presha inapanda. Nimeona mwanafunzi akisherehekea mapigo kutoka 130 hadi 64. Huyo mtoto alikuwa anatuacha. Inua kichwa cha kitanda, ita daktari sekunde hiyo, na manitoli iwe karibu.

---

Sista wa Zamu

Mama Nuru, mtungi wako ni sahihi, wengi wanaishi nao. Uweke kivulini penye upepo, na chupa iwe ndani ya mfuko isilowe.

Sasa potasiamu, na hapa kosa lilikuwa letu sote, daktari, mimi na mwanafunzi. Alianza na 4.8, namba nzuri. Lakini ile ni potasiamu iliyotoka ndani ya seli ikajaa kwenye damu, wakati mwilini mwote alikuwa amepungukiwa sana. Insulini inairudisha ndani ya seli. Saa 4 usiku ikawa 3.6. Daktari akasema tuongeze: lita ya tatu iwe na ampuli mbili badala ya moja. Lita hiyo ilipangwa kwa saa nne.

Pigeni hesabu. Tuliongeza kiasi gani?

---

Mwaka wa Pili

Mara mbili. Kutoka 20 hadi 40.

---

Tabibu wa Kata

Hapana kijana. Lita ya pili ilikuwa kwa saa mbili, yaani milimoli 10 kwa saa. Lita ya tatu ni 40 kwa saa nne. Ni 10 kwa saa ile ile. Hamkuongeza chochote.

---

Sista wa Zamu

Ndiyo daktari. Tuliongeza ampuli, tukapunguza kasi, na mgonjwa akapata kile kile. Nililiona saa 8 usiku nilipopiga hesabu kwa kalamu pembeni ya chati, na potasiamu ya saa ile ilikuwa 3.5. Tangu siku hiyo chati yangu ina safu ya "potasiamu kwa saa". "Kwa lita" niliifuta.

Tulichofanya saa 8: insulini ikarudi, yuniti 5 kwa saa, na sukari ilipofika 14 tukaishusha hadi 2.5 kwa saa, maana dekstrozi nayo ilianza kuingia. Hatukuwa na dekstrozi ya asilimia 10, tukaitengeneza: kwenye chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 tukatoa 50, tukaweka 50 za ile ya asilimia 50, inakaribia kabisa. Ikaenda mililita 125 kwa saa, ndani yake ampuli moja ya potasiamu. Hiyo ni milimoli 5 kwa saa, jumlisha 10 za dripu nyingine, zikawa 15. Aliwekwa kwenye monita ya moyo. Hatukuthubutu kupandisha kabla monita haijafungwa. Na kama ile 3.5 ingekuwa imeshuka zaidi, insulini ingesubiri potasiamu kwanza, hata kama anahema.

Hatukuwa na pampu. Yuniti 50 ziliwekwa kwenye mililita 500 za maji ya chumvi, yaani kila mililita 10 ina yuniti 1. Kwa bureti ya matone madogo, mililita kwa saa ni sawa na matone kwa dakika, hivyo yuniti 2.5 ni matone 25. Mililita 20 za kwanza tulizimwaga zipite kwenye mrija, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki. Na yuniti 50 zivutwe kwa sindano ya insulini, ni nusu mililita tu. Nimewahi kumshika mtu mkono akivuta mililita 5 kwa sindano ya kawaida. Zile zilikuwa yuniti 500.

---

Nesi wa Eldoret

Hapa tutatofautiana kidogo Sista. Kwetu tunaanza na 40 kwa kila lita tangu lita ya pili, potasiamu ikiwa kati ya 3.5 na 5.5. Kwa lita ya saa mbili hiyo ni 20 kwa saa. Ungeanza hivyo usingefika 3.5.

---

Sista wa Zamu

Najua, na wodi yenu ina monita kila kitanda na majibu ya maabara kwa dakika chache. Mimi majibu yananichukua saa nzima na kitu, na usiku nina wagonjwa 30. Milimoli 20 kwa saa bila monita sitaziweka. Ila unanifanya nifikirie kuomba monita ile moja ikae kwa mgonjwa wa hivi tangu mwanzo, isisubiri potasiamu ishuke.

---

Tabibu wa Kata

Na mliifunga insulini lini, bila kipimo cha ketoni?

---

Sista wa Zamu

Saa 4 asubuhi alikuwa anahema 20, ameamka kabisa, anaomba chai. Bikaboneti ikarudi 19. Tukamchoma insulini yake ya kawaida chini ya ngozi, ya msingi na ya chakula, akanywa chai na mkate, na ile ya mshipani tukaiacha iende saa nzima zaidi ndipo tukafunga. Ukifunga kwanza ukachoma baadaye, unarudia kosa la saa 6 usiku.

Kama bikaboneti isingepatikana, ningekuwa na wasiwasi. Pumzi na hamu ya kula ndivyo ningevitegemea, na ningeiacha insulini saa chache zaidi pamoja na dekstrozi. Kama kuna mwenye njia bora kwa hospitali isiyo na vipimo, aiseme.

---

Mwaka wa Pili

Sista nimechora chati yangu kwa ajili ya zamu ya kesho. Kila saa: fahamu, pumzi na kina chake, mapigo, presha, sukari, maji yaliyoingia, mkojo uliotoka, insulini yuniti kwa saa, potasiamu kwa saa. Damu ya potasiamu kila saa mbili. Ketoni za mkojo nimeziweka mara moja tu, juu kabisa.

---

Sista wa Zamu

Ongeza safu moja pembeni ya insulini: "nimeigusa kanula, inaingia". Na sukari ihamishe iwe ya mwisho.